Mgahawa mdogo wahitaji wateja wangapi kwa siku ili usile mtaji?

MTU anayefungua mgahawa mdogo jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kutafuta fremu, kisha mpishi, kisha meza na viti. Swali la wateja wangapi wanatakiwa kula hapo kila siku ili kodi ya pango na mishahara vilipwe huja baadaye, mara nyingi mwenye nyumba akiwa ameshapokea kodi ya miezi sita. Kwa wakati huo jibu haliwezi tena kubadili ukubwa wa fremu, mahali ilipo wala kiasi cha kodi.

Hesabu yenyewe huingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Inahitaji kujua mambo matatu: gharama ambazo zitalipwa hata asipoingia mteja, fedha inayobaki kwa kila mteja baada ya kutoa gharama za chakula alichokula, na idadi ya watu ambao viti vilivyopo vinaweza kuwahudumia. Wengi hufanya mbili za kwanza na kusahau ya tatu, na hapo ndipo mtaji huanza kuliwa.

Ufuatao ni mfano wa mgahawa wenye viti 24 ulio karibu na ofisi, unaouza zaidi chakula cha mchana na kufungwa Jumapili. Bei zilizotumika ni za kukokotolea. Kila anayefanya hesabu hii anapaswa kuweka bei za sokoni kwake na kodi anayotajiwa na mwenye nyumba.

Gharama zisizojali mteja

Kundi la kwanza ni la gharama ambazo hazipungui siku ya mvua wala hazipandi siku mgahawa unapojaa. Kwa mgahawa wa mfano, gharama hizo kwa mwezi ni hizi:

Kodi ya pango: Sh700,000
Mishahara ya wafanyakazi watano: Sh1,500,000
Michango ya mwajiri NSSF na WCF: Sh157,500
Posho ya mwenye mgahawa: Sh500,000
Umeme wa friji na taa, maji, taka na ulinzi: Sh250,000
Leseni na kodi zilizogawanywa kwa mwezi: Sh92,500
Uchakavu wa vyombo: Sh100,000
Jumla: Sh3,300,000

Mishahara hiyo ni ya mpishi anayelipwa Sh450,000, msaidizi wake Sh300,000, na wahudumu wawili pamoja na mwosha vyombo wanaolipwa Sh250,000 kila mmoja. Juu yake kuna michango ambayo mwenye mgahawa hawezi kuikwepa. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo asilimia 10 hutoka mfukoni mwa mwajiri, pamoja na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Mistari miwili ya orodha hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi. Wa kwanza ni posho ya mwenye mgahawa. Yeye hununua sokoni alfajiri, hukaa kaunta mchana kutwa na hufunga mahesabu usiku. Akiiondoa posho yake, biashara itaonekana inajilipa ilhali yeye ndiye anayeilipia kwa nguvu zake. Wa pili ni uchakavu. Jiko, friji, meza na sufuria za Sh6 milioni, zikitarajiwa kudumu miaka mitano, huchakaa kwa Sh100,000 kila mwezi. Fedha hiyo haitoki leo, lakini siku friji itakapokufa itatakiwa yote kwa pamoja.

Gharama za mwezi hugawanywa kwa siku ambazo mlango utakuwa wazi. Mgahawa unaofungwa Jumapili hufanya kazi siku 26 hivi, si 30. Sh3,300,000 zikigawanywa kwa 26 hupatikana Sh126,923 kwa siku. Anayegawanya kwa 30 hupata Sh110,000 na kujiona yuko karibu na lengo, wakati karibu Sh17,000 za kila siku ya kazi hazina wa kuzilipa.

Kinachobaki kwenye sahani

Kundi la pili ni la gharama zinazofuata kila sahani. Hapa kosa kubwa ni kukisia. Sahani lazima ipimwe kwa mizani, walau mara moja kwa kila aina ya chakula.

Sahani ya wali na nyama inayouzwa Sh5,000 inaweza kupimwa hivi. Mchele mkavu gramu 150, kwa Sh3,000 kilo, ni Sh450. Nyama mbichi gramu 120, kwa Sh12,000 kilo, ni Sh1,440. Maharage makavu gramu 60, kwa Sh3,500 kilo, ni Sh210. Mboga za majani Sh200, kipande cha tunda Sh150, na nyanya, vitunguu na mafuta Sh300. Gesi ni Sh200, na sabuni ya vyombo pamoja na karatasi za kufutia mikono ni Sh50. Jumla ni Sh3,000. Kinachobaki ni Sh2,000.

Hizo Sh2,000 si faida. Ni mchango wa sahani hiyo katika kulipa zile Sh126,923 za siku. Faida huanza pale tu michango ya sahani zote inapozidi kiasi hicho.

Nyama hupimwa ikiwa mbichi kwa sababu hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake jikoni. Anayepima vipande vilivyoiva na kuvipigia bei ya bucha hujidanganya kwamba sahani yake ni nafuu. Mchele ni kinyume chake: huongezeka unapoiva, hivyo kilo moja hutoa sahani sita au karibu saba za kipimo hicho.

Wateja hawaagizi chakula cha aina moja. Tuseme kati ya wateja 100, 50 hula wali na nyama na kila mmoja huacha Sh2,000. 30 hula wali na maharage wa Sh3,000 ambao gharama yake ni Sh1,500, na kila mmoja huacha Sh1,500. 20 hula wali na kuku wa Sh7,000 ambao gharama yake ni Sh4,500, na kila mmoja huacha Sh2,500. Nusu ya wateja wote hununua soda inayoacha Sh300. Michango yote ikijumlishwa ni Sh210,000, yaani wastani wa Sh2,100 kwa mteja.

Sasa hesabu inawezekana. Sh126,923 zikigawanywa kwa Sh2,100 hupatikana 60 na sehemu. Kwa kuwa hakuna nusu mteja, jibu ni wateja 61 kwa siku.

Sahani zinazorudi jikoni

Jibu hilo lingetosha kama kila kilichopikwa kingeuzwa. Migahawa ya chakula cha mchana haifanyi hivyo. Wali, maharage na mchuzi hupikwa kabla mteja hajafika, na mpishi hulazimika kukisia. Akipika kidogo, wateja wa saa nane huambiwa chakula kimekwisha. Akipika kingi, kinabaki.

Tuseme kila siku hubaki sahani sita ambazo haziwezi kuuzwa kesho. Gharama ya chakula kwa sahani moja ya wastani katika mfano huu ni Sh2,850, hivyo sahani sita ni Sh17,100. Fedha hiyo lazima nayo ilipwe na walioingia kula. Ikijumlishwa na gharama za siku, mzigo unakuwa Sh144,023, na wateja wanaohitajika wanapanda kutoka 61 hadi 69.

Kwa maneno mengine, sahani sita zinazomwagwa hudai wateja wanane zaidi. Sababu ni kwamba sahani iliyouzwa huacha Sh2,100 tu, lakini sahani iliyomwagwa hupoteza gharama yake nzima. Ndiyo maana kupunguza mabaki kutoka sita hadi matatu kuna manufaa sawa na kupata wateja wapya wanne kila siku, bila kubandika tangazo hata moja.

Kanuni kwa ufupi ni hii:

Wateja kwa siku = (gharama za kudumu za siku + thamani ya chakula kinachobaki) ÷ mchango wa wastani wa mteja mmoja

Viti navyo vina hesabu yake

Wateja 69 si wengi kwa kuwasikia. Swali ni kama mgahawa unaweza kuwapokea.

Wafanyakazi wa ofisini hula kati ya saa 6:30 na saa 8:30 mchana. Mteja hukaa dakika 40 hivi tangu anapoketi mpaka kiti kinapofutwa kwa ajili ya mwingine. Kwa saa mbili, kila kiti kinaweza kukaliwa na watu watatu, na viti 24 vingehudumia watu 72. Hata hivyo, hilo hutokea kwenye karatasi tu. Watu wawili hukaa kwenye meza ya viti vinne na wageni hawapendi kuwaingilia. Wa kwanza hawafiki saa 6:30 kamili, na wa mwisho wakifika saa nane hawaachi nafasi ya zamu nyingine. Ikichukuliwa kwamba asilimia 70 ya nafasi hizo ndizo zitakazotumika kweli, wateja wa mchana ni 50.

Hapo ndipo mpango mzima unapoonyesha sura yake. Mgahawa unahitaji wateja 69 lakini muda wa mchana unaruhusu 50. Wateja 50 huacha Sh105,000. Zikitolewa Sh17,100 za mabaki zinabaki Sh87,900 kwa siku, au Sh2,285,400 kwa mwezi. Gharama za kudumu bila kodi ya pango ni Sh2,600,000. Maana yake ni kwamba hata mwenye nyumba angetoa fremu hiyo bure, chakula cha mchana peke yake kisingetosha kuuendesha mgahawa huu. Kubembeleza kodi ishuke kwa Sh100,000 hakuponyi tatizo la namna hiyo.

Mwenye mgahawa anayeacha posho yake nje ya hesabu hatauona ukweli huo. Ataona mgahawa uliojaa kila mchana, watu wakisubiri mlangoni, na atashindwa kuelewa kwa nini mwisho wa mwezi hakuna kitu.

Njia za kuziba pengo

Kupandisha bei ndiyo njia inayofikiriwa kwanza. Bei ya kila sahani ikiongezwa Sh500, mchango wa mteja unakuwa Sh2,600 na wateja wanaohitajika wanashuka kutoka 69 hadi 56. Nyongeza hiyo inaweza kuwapoteza wateja 13 na bado mgahawa ukabaki palepale. Lakini 56 bado ni zaidi ya 50 wanaoweza kukaa.

Kushusha bei ili kuvuta watu huleta kinyume chake. Punguzo la Sh500 hubakiza Sh1,600 kwa mteja, na idadi inayohitajika hupanda hadi 91. Mgahawa wenye nafasi za watu 50 mchana hauna pa kuwaweka watu 91, kwa hiyo punguzo hilo huongeza msongamano na hasara kwa pamoja.

Njia inayofaa zaidi kwa mgahawa mdogo ni kutafuta mauzo yasiyohitaji kiti cha saa saba mchana. Kodi, friji na mshahara wa mpishi vimekwisha kulipiwa kwa siku nzima, ilhali mlango unaingiza fedha kwa saa mbili tu. Chai, chapati na supu za asubuhi zikiwapata wateja 20 wanaoacha Sh900 kila mmoja, ni Sh18,000. Vyakula 12 vinavyofungwa na kupelekwa maofisini, baada ya kutoa Sh300 za kifungashio, huacha Sh1,800 kila kimoja, yaani Sh21,600. Zikijumlishwa na Sh105,000 za mchana hupatikana Sh144,600. Mzigo wa siku ulikuwa Sh144,023. Mgahawa umejilipa, kwa tofauti ya Sh577.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea, lakini sasa lengo lina sura: wateja 20 asubuhi, 50 mchana na vifurushi 12 vya ofisini. Kila kimoja kinaweza kuhesabiwa jioni. Sharti lake ni kwamba kazi ya asubuhi ifanywe na wafanyakazi walewale bila kuvuka saa zao za kazi. Ikilazimu kuajiri mhudumu mwingine, hesabu hubadilika.

Mabadiliko ya namna hiyo yana kipimo chepesi. Mteja mmoja wa kila siku, kwa siku 26, huleta Sh2,100 mara 26, yaani Sh54,600 kwa mwezi. Kwa hiyo kila Sh54,600 zinazoongezwa kwenye gharama za kudumu hudai mteja mmoja zaidi kila siku. Kodi ya pango ikipanda kwa Sh100,000 ni wateja wawili. Mhudumu mpya wa Sh250,000, ambaye pamoja na michango anagharimu Sh276,250, ni wateja sita. Kabla ya kumwajiri, mwenye mgahawa anapaswa kujiuliza kama mhudumu huyo atawezesha watu sita zaidi kula kila siku.

Kodi ya miezi sita hupofusha

Desturi ya kulipa kodi ya pango kwa miezi sita au mwaka mzima mbele huleta mtego wa pekee. Katika mfano huu, Sh4,200,000 hutoka kabla sufuria haijabandikwa jikoni. Kisha kwa miezi sita hakuna anayekuja kudai, na droo ya fedha huonekana imeshiba. Mwenye mgahawa hununua televisheni, huongeza mhudumu, hulipa ada za watoto. Mwezi wa saba mwenye nyumba anarudi, na Sh4,200,000 nyingine hazipo.

Kinga ni kuitenga kodi kila siku ya kazi tangu siku ya kwanza. Sh700,000 zikigawanywa kwa 26 ni Sh26,923. Fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti tofauti kila jioni kabla ya kununua kitu kingine, kana kwamba mwenye nyumba anapita kila siku.

Aidha, wateja hawaji wote siku ya ufunguzi. Endapo katika miezi ya mwanzo mgahawa unapungukiwa na wateja 20 wa mchana kwa siku, pengo ni Sh42,000 kila siku, au Sh1,092,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ya hali hiyo humeza zaidi ya Sh3.2 milioni. Anayetumia mtaji wote kwa kodi, viti na rangi hana cha kuvukia kipindi hicho, hata kama mgahawa wake ungekuja kujilipa mwezi wa tano.

Dalili za hesabu kuharibika

Idadi iliyokokotolewa kabla ya kufungua haidumu. Bei ya mchele na nyama hupanda, na mkono wa mpishi huwa mwepesi kadiri anavyowazoea wateja. Gramu 30 tu za nyama zikiongezeka kwenye sahani ni Sh360. Kwa kuwa nusu ya wateja hula nyama, wastani wa mchango hushuka kwa Sh180 hadi Sh1,920, na wateja wanaohitajika kwa bei ileile hupanda kutoka 69 hadi 76. Hakuna aliyeiba wala mteja aliyepungua, lakini fedha zimepungua.

Dalili hiyo huonekana kwenye daftari, si kwenye droo. Kila jioni yaandikwe mambo manne: idadi ya wateja, mauzo, fedha iliyotumika sokoni na sahani zilizobaki. Kila Jumamosi vipimwe vyakula vilivyomo stoo. Stoo ya mwanzo wa wiki, ikijumlishwa na manunuzi na kutolewa stoo ya mwisho wa wiki, hutoa thamani ya chakula kilichotumika. Kiasi hicho kikigawanywa kwa wateja wa wiki, na kila mlo ukihesabiwa peke yake, huonyesha gharama halisi ya mteja mmoja. Ikiwa wiki hii imezidi ya wiki iliyopita ilhali bei za sokoni hazikubadilika, upawa wa jikoni ndio uliobadilika, au kuna chakula kinachotoka bila kulipiwa.

Hesabu hii nayo ina mipaka yake. Haisemi kama watu 50 watakuja kweli. Hilo hujulikana kwa kusimama mbele ya fremu mchana wa siku kadhaa, zikiwamo za mwisho wa mwezi, na kuhesabu wanaoingia kwenye migahawa ya jirani. Haizingatii pia miezi ambayo desturi za ulaji hubadilika, kama Ramadhani, ambapo wateja wa mchana hupungua katika maeneo mengi ya jiji na mauzo huhamia jioni kwenye futari. Miezi hiyo huhitaji hesabu yake.

Kilicho wazi ni mpangilio wa hatua. Sahani hupimwa kwanza, viti huhesabiwa pili, na mkataba wa fremu husainiwa mwisho. Mgahawa wa mfano huu haukushindwa na kodi ya Sh700,000. Ulikuwa umeshindwa na saa mbili za mchana kabla dalali hajaonyesha fremu.